Sigara Nyepesi za Sonara

Mimi nilipenda mashavu kwanza. Wasichana wenzangu walitazama viatu vya mwanamume, au baiskeli yake, au kama kwao kuna ng'ombe. Mimi nilitazama mashavu. Mama alinituma kwa sonara pale Nyahanga, nikarekebishiwe kipuli chake kilichokatika, nikamkuta kijana ameinama juu ya taa ya mafuta, mrija wa shaba mdomoni, anapuliza mwali wa moto uende kwenye kipande cha dhahabu kilicholala juu ya mkaa. Mwali ulikuwa mwembamba na haukutetereka. Nikasubiri apumue. Hakupumua. Nikasema moyoni, lahaula, huyu atanifia hapa na kipuli cha mama sijapewa. Kumbe alikuwa anavuta hewa kwa pua huku akiisukuma ile iliyojaa mashavuni, na macho yake yananicheka.

Basi ndiye niliyeolewa naye.

Nieleze kazi yake kidogo, maana bila hiyo hamtanielewa kwa nini niligombana na vijikaratasi vyeupe. Sonara wa mji wetu wa Kahama siku zile hakuwa na mtungi wa gesi. Kuyeyusha dhahabu alitumia mivukuto ya mguu, hapo hapana shida. Lakini kuunga kiungo cha mkufu, kile kidogo kuliko punje ya uwele, ni lazima mrija wa mdomo. Unapuliza moto mwembamba, mfululizo, mpaka lehemu itiririke na kushika. Ukikata pumzi katikati, lehemu inapoa kabla haijakaa. Ukishtuka ukapuliza kwa pupa, kiungo chenyewe kinayeyuka na kuwa tone. Mchezo wote uko kifuani. Mume wangu alijulikana mpaka Geita kwa mikufu yake, na wake wa wanunuzi wa dhahabu walikuja na bangili za bibi zao kwenye vitambaa, wanasema tumesikia wewe moto wako hautikisiki.

Na alivuta sigara. Alivuta tangu ujana, sigara zetu za kawaida za dukani, na wala sikuona ajabu. Mjomba wake alilima tumbaku Ushetu, tulikuwa tunakwenda kumsalimu tukirudi nguo zote zinanuka bani, lile banda la kukaushia. Nani angeogopa tumbaku? Ilisomesha watoto.

Miaka ya themanini ikielekea mwishoni, kikohozi kikaja. Kwanza asubuhi tu, kama mtu anayesafisha koo akutane na wakwe. Halafu mchana. Halafu nikamwona, kwa macho yangu, anaweka mrija chini kabla kiungo hakijashika, anapumua kwa mdomo wazi, anauchukua tena. Mume wangu! Yule aliyekuwa akipuliza moto huku ananikonyeza!

Nikampeleka hospitali nikimshika mkono kama mwizi wa kuku. Daktari, kijana mpole aliyekuwa amerudi masomoni, akamsalimia shikamoo vizuri, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima asije akawa na kifua kikuu, hakikuwapo. Akasema, "Mzee, ni sigara. Acha. Ukiendelea, kazi yako ya kupuliza itakwisha kabla yako."

Tulirudi nyumbani. Maneno yale yalitutisha sote wawili. Yeye hakujua kazi nyingine, na mimi sikujua mume mwingine.

Ndipo akaingia rafiki yake. Huyu alikuwa na duka la vitambaa jirani na karakana yetu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi, ila kazaliwa hapahapa, Kisukuma chake kinakushinda wewe uliyenyonyeshwa nacho. Kila asubuhi alichungulia dirishani, "Mwangaluka, shemeji!" na kila asubuhi alikuwa na sigara vidoleni, ameishika kwa ncha mbili za kucha kama bibi harusi anayeogopa kuharibu hina. Naye alikuwa anakohoa. Walikohoa kwa zamu, mmoja huku mmoja kule, ukuta katikati.

Wakati ule maduka yaliyokuwa matupu yalikuwa yameanza tena kuona bidhaa za nje. Rafiki yetu akasafiri kufuata vitambaa, akarudi na katoni ya sigara ambazo hatujapata kuziona. Pakiti nyeupe pee, na maandishi ya buluu ya kupendeza. Akaingia karakana bila hodi.

"Tumepona," akasema. "Hizi nyepesi. Wenzetu ulaya wote wamehamia huku. Lami kidogo."

"Lami gani tena?" nikauliza.

"Ule uchafu mweusi unaobaki kifuani, shemeji. Unaitwa lami. Zile zetu zinayo nyingi, hizi wameipunguza. Imeandikwa hapa, na namba yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Barabara yetu nzima ya kwenda Shinyanga haina lami hata ya kupaka mkate, tunameza vumbi miaka nenda miaka rudi, kumbe lami yote iko kifuani kwa mume wangu!

Lakini nilifurahi, msinicheke. Nilifurahi sana. Nikapika pilau. Nilidhani Mungu kaleta njia ya katikati: daktari karidhika, mume karidhika, moshi unanuka kidogo. Mume wangu akavuta ya kwanza, akaitoa mdomoni, akaitazama.

"Haina kitu hii," akasema. "Ni hewa tu."

"Ndiyo uzuri wake," rafiki yake akamjibu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Zile za zamani, pakiti moja ilikuwa inamfikisha kesho. Hii nyeupe, jua halijatua amekwisha kugonga ukuta kuomba nyingine. Na jinsi alivyozivuta! Mashavu yale niliyoyapenda yakaanza kubonyea ndani, anavuta mpaka ncha inawaka nyekundu kama jicho la mlevi. Anaubana moshi, anaushusha chini kabisa, anangoja, ndipo anautoa. "Haikwangui koo," anasema kwa furaha, "laini!" Rafiki yake vilevile. Alikuwa anashika kwa kucha zake kwa adabu zote, lakini anavuta moja baada ya moja, hapumziki, funda juu ya funda. Nikawaambia ninyi mnavuta sigara nyepesi kama watu wanaochota maji kwa ungo. Wakasema wivu.

Kikohozi hakikupungua. Kwa mume wangu kikaongeza mizizi.

Katikati ya hayo, rafiki yetu akaleta habari njema: binti yake anaolewa. Akaja na mkewe, wameleta dhahabu ya bibi wa binti, bangili nzito za zamani, wanataka mkufu mmoja mrefu wa viungo vidogo, wa aina ile ambayo mume wangu alisifiwa kwayo. Mama wa bibi harusi alizishika zile bangili kwanza mkononi mwake muda, ndipo akaziweka mezani. Alisema mama mkwe wake alikuja nazo toka ng'ambo mkononi, hakuzivua hata siku ya kujifungua.

Mume wangu akapokea kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa.

Aliziyeyusha, akazivuta ziwe waya, akakata viungo, akavisuka. Hiyo mikono, haina neno. Ikaja siku ya kuunga. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia mwali unanguruma taratibu, halafu kikohozi, halafu kimya, halafu tusi ambalo sitaliandika. Nikakimbilia ndani. Juu ya mkaa, mahali palipokuwa na kipande cha mkufu, palikuwa na shanga ya dhahabu, duara, inang'aa, nzuri kabisa, haina kazi. Kikohozi kilikuwa kimempata mrija ukiwa mdomoni. Alikuwa ameipuliza pumzi yote kwa mkupuo.

Dhahabu haipotei, inavutwa upya. Si hilo lililomliza. Ndiyo, alilia, mtu mzima na lenzi yake shingoni. Akasema, "Nimekwisha, mama watoto. Nimehamia nyepesi na bado nimekwisha."

Hapo hasira yangu ikapanda. Nilijua kuna uongo mahali, ila sikujua uko wapi. Nikachukua kopo la samli ambamo nilikuwa nakusanya vipisi vya sigara, maana mimi ndiye niliyekuwa nafagia karakana na baraza ya jirani pia, wanaume hawa hawaoni taka. Vipisi vya mume wangu nilivitia kopo hili, vya rafiki yake nikavifunga kwenye gazeti. Lengo langu halikuwa la kitaalamu, nisijisifu. Nilitaka kuwamwagia mbele ya daktari waone haya.

Tukaenda wote watatu kwa gari la mizigo la rafiki yetu. Naye alikuwa anataka kupimwa, ila alisema anatusindikiza tu.

Nikamwaga kopo mezani kwa daktari. "Hizi ndizo nyepesi zao," nikasema. "Niambie zimepunguza nini!"

Yule kijana hakukasirika kwa meza yake. Akachukua kipisi kimoja, akakigeuza, akakitazama ule upande unaowekwa mdomoni. Akachukua kingine. Akaniomba na vile vya gazetini. Akavipanga safu mbili, vya mume wangu huku, vya rafiki yake kule.

"Mama," akasema, "umefanya kazi nzuri. Angalieni."

Tukainama. Vichungi vya rafiki yetu vilikuwa na doa la kahawia katikati, na kuzunguka doa pamebaki duara jeupe, safi. Vya mume wangu vilikuwa vya kahawia ukingo hadi ukingo.

Daktari akamwomba mume wangu lenzi yake, kisha akamrudishia mwenyewe. "Tazama wewe, una jicho kuliko langu. Chukua sigara mpya. Tazama karatasi inayofunika kichungi, karibu na mdomo."

Mume wangu akabana lenzi jichoni. Halafu, badala ya kushtuka, akatabasamu yule mshenzi!

"Matundu," akasema. "Lo! Yamezunguka mstari mzima. Yamepangwa sawasawa! Nani kayatoboa haya? Sindano gani hii?"

"Mzee, tuache ufundi kwanza."

"Mimi siwezi kutoboa hivi," mume wangu akasema, bado lenzi jichoni. "Nakwambia ukweli. Siwezi."

Daktari akaeleza, na mimi nitaeleza kama nilivyosikia. Kiwandani kuna mashine inayozivuta sigara ili ipatikane ile namba ya lami. Mashine inaishika sigara kwenye ncha tu, matundu yanabaki wazi. Inavuta funda dogo, inakaa, inavuta funda lilelile tena, mpaka iishe. Kila inapovuta, hewa safi inaingia kwa yale matundu ya pembeni, inachanganyika na moshi, moshi unakuwa mwembamba. Namba inatoka ndogo. Tumbaku iliyomo ndani ni tumbaku tu.

"Ile namba ni ya mashine," akasema. "Mashine haina kiu. Wewe mwili wako umezoea nikotini, unajua kipimo chake, na usipokipata utakitafuta. Utavuta kwa nguvu, utavuta funda refu, utavuta mara nyingi, utaongeza sigara. Na kwa kuwa moshi umepozwa na hewa na haukwarui koo, utaushusha chini zaidi. Unajilipa mwenyewe kile ulichopunjwa, na lami inakuja pamoja nacho. Madhara ni yaleyale."

"Na hii kahawia yote?" nikauliza.

Daktari akamtazama mume wangu. "Mzee, hebu tia sigara mdomoni unavyofanya kazini. Usiwashe."

Mume wangu akatia. Na nilipoona, nilipiga kofi paja langu mwenyewe. Kwa sababu ya kazi! Sonara mikono yake yote miwili ina shughuli, huku koleo, huku tupa, sigara anaiachia midomo. Na midomo yake imefundishwa tangu ujana kushika mrija: anauingiza ndani, anaubana pande zote hewa isivuje. Sigara nayo aliibana vivyo hivyo. Yale matundu mazuri aliyokuwa anayasifu yalikuwa ndani ya midomo yake, yamezibwa kabisa, na hewa haikuwa na pa kuingilia. Miezi yote ile alikuwa anavuta sigara kamili na kuiita nyepesi.

Rafiki yetu akapiga makofi. "Mimi sizibi! Mimi nashika kwa ncha. Mnaona duara langu jeupe? Mimi ni salama!"

"Wewe unavuta ngapi siku hizi?" daktari akamuuliza.

Rafiki yetu akaanza kuangalia dari.

"Shemeji atasema," daktari akacheka.

"Nitasema!" nikajibu. "Mara mbili ya zamani, na anazinyonya kama miwa."

Alipopimwa, na yeye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Basi walirudi wote wawili wamenywea, mimi katikati yao kwenye kiti cha mbele, nimefurahi kupita kiasi.

Lakini mume wangu ni fundi, na fundi haamini maneno. Jioni ileile akakata bua la jani la mpapai, lile lililo wazi ndani ambalo watoto hunywea maji. Akachukua kekee yake ndogo ya vito, akalitoboa bua matundu ya kuzunguka, karibu na ncha. Akaniambia nilete kikombe cha chai. Nilimletea, na rafiki yake akasogea.

Akavuta polepole, matundu wazi. Bua likakoroma, akapata hewa na tone la chai. "Ehee," akasema, "mashine." Akaziba matundu kwa midomo, akavuta vilevile polepole. Chai ikajaa mdomo. Akatutazama. Halafu akaachia matundu wazi tena, lakini sasa akavuta kwa nguvu zake za sonara, mashavu ndani. Bua likapiga kelele, lakini chai ikaja. Si yote kwa funda moja, ila ilikuja. Akavuta tena na tena, mpaka akafika kwenye majani chini ya kikombe.

Akaweka kikombe mezani. Akamwambia rafiki yake, "Wewe ndiye huyu wa mwisho. Sote tumemaliza chai."

Rafiki yake akatoa pakiti mfukoni, akayatazama yale maandishi ya buluu. "Na mimi nilikuletea kwa mapenzi," akasema, na nilimhurumia, maana ni kweli.

Wakaapa kuacha, wote wawili, siku hiyohiyo. Na kama mnadhani hapo ndipo mambo yalipokuwa mazuri, hamjakaa na sonara mwenye kiu ya sigara. Ya Rabi! Alichukia chai, alichukia jogoo wa jirani, alichukia jinsi ninavyokunja nguo. Mteja alimuuliza bangili itakuwa tayari lini, akajibiwa itakuwa tayari ikiwa tayari. Nilimnunulia karanga, akazimaliza. Nilimletea miwa, akalalamika kwamba meno yanauma. Mtaa mzima wakajifunza kupita upande wa pili.

Rafiki yake alianguka mara moja. Nilifagia baraza yake, nikaokota kipisi, nikakitazama kwenye ncha: doa katikati, duara jeupe pembeni. Nikaingia nacho dukani, nikakiweka juu ya mtandio wa hariri mbele ya mkewe. Mkewe ndiye aliyesema, kwa lugha tatu.

Lakini mdomo wa mume wangu ulikuwa unataka kitu cha kushika. Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua, akasema, zaidi ya yote. Nikamkumbusha alivyojifunza kazi. Mwanafunzi wa sonara haanzii kwenye moto, anaanzia kwenye glasi ya maji: anatia mrija, anapuliza mapovu, na mapovu yasikatike anapovuta hewa kwa pua. Nikamwekea glasi mezani. Kila kiu ilipompanda, akashika mrija, akapuliza maji.

Siku za kwanza mapovu yalikuwa yanakatika upesi, inatia huruma. Akakohoa, akatoa uchafu mweusi, daktari akasema ni vizuri, kifua kinajisafisha. Wiki zikapita. Kikohozi kikaanza kuondoka, asubuhi ikabaki na kusafisha koo tu. Mapovu yakawa marefu kidogo. Marefu kidogo, nasema, hayakuwa ya yule kijana aliyenicheka kwa macho.

Mimi nilikuwa nakaa naye, kumtia moyo. Nikaona haina maana kukaa mikono mitupu, nikachukua bua la mpapai, nikatia kwenye glasi yangu. Mwanzoni nilijipulizia maji puani. Alicheka mpaka akashika mbavu, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza bila kukohoa mwishoni, nikakisikia vizuri. Basi nikaendelea, kwa ubishi tu. Nikiwa nasonga ugali napuliza hewa mashavuni. Nikiwa nateka maji, vilevile. Wanawake wenzangu bombani wakaanza kuulizana kama naumwa jino. Siku moja mapovu yangu hayakukatika. Yaliendelea, yaliendelea, mpaka yeye akaacha kupuliza ya kwake akanitazama.

Harusi ikakaribia. Aliuvuta waya upya, akasuka mkufu upya, akaunga viungo kimoja kimoja, akipumzika kati ya kimoja na kingine, jambo ambalo zamani hakulifanya. Ikabaki kufuli, pale ncha mbili za mkufu zinapokutana. Kufuli ni nene, inataka moto mrefu kuliko kiungo chochote, na ndipo mkufu mzima unapoweza kuharibika mbele ya macho yako.

Rafiki yake na mkewe walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja. Ilikuwa mchana, dirisha limefungwa upepo usiingie. Mume wangu akatia mrija mdomoni, akaanza. Mwali ukalala chini, ukawa mwembamba, ukashika. Dhahabu ikaanza kuwa nyekundu. Niliona mashavu yake, niliona kifua chake, na niliona kwamba pumzi haitatosha.

Yeye naye alijua. Hakushtuka wala hakupuliza kwa pupa. Aliinua kidole kimoja, akautoa mrija mdomoni mwake polepole, akaugeuzia kwangu. Sikuwa na wakati wa kuufuta. Niliupokea ukiwa bado na joto la midomo yake, nikaubana pande zote kama yeye, nikapuliza.

Moto ulikuwa umeyumba, ukarudi. Yeye akashika kipande cha mkaa kwa koleo, akakigeuza taratibu, akiileta kufuli kwenye mwali wangu. Sikumtazama. Nilitazama moto, hewa ndani kwa pua, hewa nje kwa shavu. Nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, "Hapohapo. Hapohapo. Usiondoke." Lehemu ikang'aa, ikatiririka, ikakaa.

Mama wa bibi harusi ndiye aliyepiga vigelegele kwanza. Rafiki yetu alisema kwa Kisukuma neno la kushukuru ambalo husemwa mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kichwa kinazunguka, nacheka.

Miaka mingi imepita. Wote wawili hawakuvuta tena, na wote wawili walizeeka vizuri, wakigombania bao barazani. Lakini pumzi ya mume wangu haikurudi yote. Daktari alikuwa amemwambia: kuacha kunazuia isipotee zaidi, na kunarudisha kiasi, ila kilichokwisha kuliwa kimeliwa. Tangu siku ile kila kufuli iliyotoka karakana yetu nilipuliza mimi. Wateja walizoea. Walisema mkono wa mzee na kifua cha mama.

Yule bibi harusi alikuja majuzi, sasa mtu mzima, ameuleta mkufu usafishwe ampe binti yake. Mume wangu akatia lenzi jichoni, akautazama wote, kiungo kwa kiungo, akafika kwenye kufuli. Akanipa lenzi na mimi nitazame. Kwenye mshono, upande mmoja, lehemu imekaa laini kabisa, na upande wa pili kuna kivimbe kidogo, pale moto ulipoyumba.

"Hapa ndipo nilipoishiwa," akaniambia, akiweka ukucha kwenye ule upande laini. Kisha akausogeza hadi kwenye kivimbe. "Na hapa ndipo uliponichukua."

Yule bibi harusi akauliza kama kile kivimbe kinaweza kusawazishwa kwa tupa. Mume wangu akamwambia hapana.